Kuongeza Maji Si Kutengeneza

Wasee, huku Homa Bay sijawahi kuona nyumba yenye boila ya kupasha vyumba joto. Jua letu linatosha. Lakini Januari nilikesha na boila ya Leeds, Uingereza, juu dada yangu anafanya kazi huko na ana mtoto wa miezi minne. Kila siku mbili presha inashuka, boila inajizima, nyumba inakuwa friji.

Boila ya aina hiyo inazungusha maji yaleyale ndani ya paipu zilizofungwa, hadi kwenye radieta za kila chumba. Maji yakiwa baridi, geji inafaa kusoma kati ya bar 1 na 1.5. Ya dada ilikuwa inaanguka hadi 0.5. Mwenye nyumba alimwambia afungue ile paipu ndogo ya kujazia, aongeze maji, basi. Akaongeza wiki tatu. Kisha jamaa akageuka: ati yeye ndiye ameharibu boila kwa kuichezea, na atalipa.

Mimi kazi yangu ni kufunga pampu za presha kwenye gesti na nyumba za kupangisha, kwa hivyo nilijibu haraka kama mjuaji: "Dada, kuna mahali panavuja." Nikamfanya azungushie tishu kila kiungo cha radieta, atafute madoa kwenye dari na ukungu wa kijani kwenye paipu za shaba. Jioni mbili. Tishu zote kavu. Mama akapiga simu kutoka Migori kuniuliza kama nimesomea kumtesa mwenye mtoto.

Hapo ndipo nilituliza akili. Swali sio tu maji yanaenda wapi, ni yanaenda lini: boila ikiwa baridi ama ikiwa moto?

Tulijaza hadi 1.3, tukahakikisha valvu zote za paipu ya kujazia zimefungwa, akazima moto usiku mzima na kumfunika mtoto vizuri. Asubuhi geji ilikuwa bado 1.3. Ingekuwa imeshuka, ningerudi kutafuta tundu chini ya sakafu. Haikushuka, kwa hivyo paipu hazikuwa shida.

Jioni hiyo, huku saa tano usiku na kule saa mbili, akawasha moto simu ikiangalia geji. 1.3. 1.8. 2.4. Baada ya dakika arobaini ilikuwa inagusa 3. "Omera, hii kitu italipuka?" Nikamwambia hapana, kuna valvu ya usalama inayofunguka kwenye bar 3 na kumwaga maji nje kupitia paipu ya shaba ukutani. Tulikuwa tumefunga mfuko wa plastiki mdomoni mwa paipu hiyo, kwa kulegeza. Akatoka kuangalia: karibu lita moja ya maji. Kumbe kila jioni yalikuwa yanamwagikia majani, gizani, hakuna anayeona. Boila ilipopoa, geji ikasoma 0.4.

Sababu naijua kutoka pampu zangu. Maji yakipata moto yanapanuka: lita 100 zikitoka baridi hadi nyuzi 80 zinaongezeka karibu lita 3. Ndiyo maana boila ina tenki dogo lenye mpira katikati, maji upande mmoja, hewa upande mwingine. Hewa inajibana, maji yanapata nafasi. Hewa ikiisha ama mpira ukipasuka, nafasi hakuna, presha inapanda na valvu inamwaga. Kwa pampu ya gesti, tenki likikufa hivyo utasikia pampu ikiwaka na kuzima kila mtu akifungua mfereji.

Nilimkataza kufungua kifuniko. Huko, ndani ya boila ya gesi ni pa fundi aliyesajiliwa. Fundi alipokuja, alibonyeza chuchu ya hewa ya tenki, ile kama ya tairi la boda. Yakatoka maji. Mpira umepasuka. Ingekuwa hewa imepungua tu, angeondoa presha ya maji hadi sufuri, kisha apige hewa hadi karibu bar 1, kama psi 15. Alibadilisha tenki pamoja na valvu ya usalama, kwa sababu ikishamwaga mara nyingi uchafu hukwama pale na haifungi tena vizuri.

Video ya geji na ule mfuko vilimaliza kesi. Sheria ya Uingereza ya 1985 inamwachia mwenye nyumba kazi ya kutengeneza mitambo ya kupasha joto, na mpira kupasuka si kosa la mpangaji. Alilipa.

Na ile "ongeza maji tu" haikuwa ushauri mdogo. Kila maji mapya yanaingia na oksijeni, na oksijeni inakula radieta kutu kutoka ndani. Ukiambiwa ujaze kila siku mbili, uliza kwanza: yanatoka lini?