Wasifu wa Muuza Sabuni ya Mwani, Wete na London

Kijana wa Pemba akiombwa wasifu wa kuingilia shindano la biashara, mara nyingi huanza na shehia aliyozaliwa, skuli aliyosoma, kisha shukrani kwa wazee. Biashara yenyewe huja mwishoni: kikundi kilianzishwa, bidhaa zikatengenezwa. Nani aliyeanzisha? Adabu imemficha.

London mambo huanza upande wa pili. Sentensi ya kwanza husema mtu anauza nini na anamuuzia nani. Uzuri wake huo. Ubaya wake ni kwamba kila mwombaji hujiita kinara wa sekta yake, na msomaji aliyezoea huziruka sifa zote akatafuta mteja aliyenunua kisha akarudi. Kijana wa Pemba naye anaweza kukutana na msomaji wa aina hiyo: Mfuko wa Tony Elumelu, ambao tangu 2015 huwapa wajasiriamali wa Afrika mtaji wa dola 5,000, hupokea maombi ya bara zima. Ya Wete husomwa pamoja na ya Lagos.

Tumchukue binti wa mfano, wa Wete, anayetengeneza sabuni ya mwani. Kwa miezi sita amemimina vipande 300, ameuza 240 kwa shilingi 2,000 kimoja. Rasimu yake inasema ameajiri wanawake wanane, ameuza vipande 300, na sabuni inatibu ukurutu.

Yote matatu yanahitaji kurekebishwa. Wanawake wale wanamuuzia mwani mkavu, kwa hiyo ni wauzaji wake, hawalipwi mshahara. Vipande 60 bado viko kwenye rafu vikikauka, maana sabuni ya kostiki na mafuta ya nazi hungoja wiki nne hadi sita kabla ya kuuzwa. Na la ukurutu halina kipimo chochote. Mwamuzi akiliona hilo, hata hesabu zilizo sahihi ataanza kuzishuku.

Mauzo ni shilingi 480,000. Malighafi na vifungashio vya vipande vilivyouzwa vimekula 310,000, zimebaki 170,000 kabla ya kuhesabu kazi yake mwenyewe. Aziandike hivyo hivyo, bila kuziita faida.

Wasifu wake ungesomeka hivi: “Alianza mwenyewe kutengeneza sabuni ya mwani jikoni kwao Wete, baada ya kuona mwani ukiuzwa mkavu bila kuongezwa thamani. Kwa miezi sita ameuza vipande 240, vingi kupitia maduka mawili ya Chake Chake; moja limeagiza mara tatu. Hununua mwani kwa wakulima wanane. Nembo ya ubora ya ZBS bado hajaipata. Mwani anautwanga kwa kinu, na hapo ndipo kazi inapokwama. Fedha za shindano zitanunua mashine ya kusagia.”

Kuandika “alianza mwenyewe” si majivuno. Wazee waliomsaidia wana nafasi yao kwenye fomu, pale panapoulizwa mtaji wa kwanza ulitoka wapi.