Alama za juu ya jumla

Mwezi huu sisi walimu wa kujitolea wa darasa la sita tuna kosa letu la kueleza.

Muhula huu tulitoa majaribio matatu ya hesabu, kila moja alama 20. Jumla ni 60, na kupita ni asilimia 60, yaani alama 36. Binti mmoja alipata 8 katika la kwanza na 9 katika la pili, jumla 17. Mama yake alitoa 17 kwenye 36, akaona zimebaki 19. Akatuambia, “Walimu, 19 juu ya 20 mtoto wangu ataitoa wapi? Afadhali abaki nyumbani anisaidie kuchota maji.”

Tukamwambia, mama, mlete, jaribio la tatu lina swali la bonasi, alama 4 juu ya zile 20. Bado anahitaji 19, hiyo haibadiliki. Kinachobadilika ni pa kuzitafuta: sasa anazitafuta katika 24. Akipata bonasi yote, maswali ya kawaida yanamdai 15 tu.

Binti akaja. Akapata 15 na bonasi yote 4. Jumla 19!

Basi, kosa likaingia kwenye kujaza matokeo. Mmoja wetu aliona karatasi ina alama 24, akaandika jumla ya muhula 64. Alama 36 juu ya 64 ni asilimia 56 na kidogo. Binti akaandikwa amefeli. Mama akarudi na karatasi mkononi: “Mliniambia 19 inatosha. Sasa?”

Tukakaa tukahesabu upya. Ukigawa kwa 64, kupita kunakuwa 38.4, na binti angedaiwa 21.4 katika jaribio lile. Hiyo si bonasi tena, ni mtihani ulioongezwa urefu. Hata mtoto aliyeliacha swali lile anaumia: 15 juu ya 20 ni asilimia 75, lakini juu ya 24 ni 62 na nusu. Bonasi inaongezwa juu, kwenye alama za mtoto. Chini, kwenye jumla, haiingii. Tulirekebisha karatasi za darasa zima, na binti yule amepita kwa asilimia 60 kamili.

Lakini bonasi ina mwisho wake. Mwenye 14 alihitaji 22, na angeweza: 18 na bonasi 4. Mwenye 11 alihitaji 25, na karatasi nzima ina 24. Huyo bonasi haikumfikisha.

Mzazi, kabla ya mtihani wa namna hii tuulize mambo mawili: jumla inabaki ngapi? Na mtoto akipata 22 juu ya 20, mtaandika 22 au mtakata iwe 20? Mkikata, yule wa 14 naye hafiki. Sisi tunaandika 22.