Boti Yangu Ilifanya Mweka Hazina Wetu Aitwe Mwizi

Watu wangu, leo nakiri makosa. Chama chetu kina watu 12, kila mtu anatuma 1,000 kwa mwezi kwa laini ya mweka hazina wetu, mwisho tarehe 5. Mimi ndio najua kukodi kidogo, so nikajitolea kutengeneza boti ya Telegram (sio ile ya kwenda Lamu, tafadhali). Kazi yake ilikuwa rahisi: unalipa, una-fowadi ile meseji ya M-Pesa kwa boti, inakuongezea 1,000. Ukiandika `/salio` unaona umefikisha ngapi. Ikikaribia tarehe 5 na hujalipa, inakukumbusha.

Miezi minne ikaisha. Boti ikasema tuna 48,000, na hesabu ya kichwa pia ni hiyo: 12 mara 4. Tukataka kutoa pesa, mweka hazina akafungua laini. 47,000.

Manze, hapo ndipo kuliharibika. Hakuna mtu alishuku boti, kwa sababu jibu lake lilikuwa sawa na lile kila mtu alitarajia. Kwa grupu mtu mmoja akaandika, "mashini haina tumbo." Huyo dada alisoma hiyo meseji na hakujibu. Tumekua naye ploti moja, na najua akinyamaza hivyo maana yake nini.

Nikaenda kwake na laptopu. Shida ya kwanza ilikuwa yangu: nilikuwa nimeweka namba moja tu kwa kila mwanachama, yaani salio. Kila meseji ikiingia, namba inaongezwa, basi. Ilifikaje hapo? Boti haikujua. Kwa hivyo yeye akaomba staitimenti ya M-Pesa, tukaketi tukipiga tiki jina kwa jina. Watu 11 walikuwa wametuma mara nne. Mmoja, mara tatu.

Na huyo mmoja hakuwa mwongo. Mwezi wa pili alifowadi meseji akiwa kwa matatu, netiweki ikasumbua, hakuona jibu, akafowadi tena. Boti ikapokea zote mbili na kuhesabu 2,000. Mwezi wa tatu ikaona amelipa mbele, haikumkumbusha. Yeye akaangalia `/salio`, akaona 3,000, akalala salama. Mwezi wa nne akalipa kama kawaida, akafika 4,000. Kosa likajificha ndani ya jumla iliyonyooka kabisa.

Dawa yake ilikuwa kwa meseji yenyewe siku zote. Kila muamala wa M-Pesa una kodi yake, herufi na namba kumi pale mwanzo, na haijirudii. Nikafuta ile namba ya salio na kuweka daftari: kila malipo mstari wake, na kodi ndio ufunguo.

```sql
CREATE TABLE michango (
  kodi TEXT NOT NULL PRIMARY KEY,
  mwanachama INTEGER NOT NULL,
  shilingi INTEGER NOT NULL,
  tarehe TEXT NOT NULL
);
```

Sasa ukifowadi meseji ile ile hata mara kumi, hifadhidata inakataa mstari wa pili, na boti inakujibu kwamba hiyo ilishaingia. Salio halihifadhiwi popote. Ukiuliza, linajumlishwa kutoka kwa mistari hapo hapo, na `/historia` inakuonyesha kila mstari na kodi yake. Tukikosea, hatufuti kitu. Tunaongeza mstari wa kutoa, wenye jina lake la marekebisho, ndio kila mtu aone nini kilifanyika.

Lakini yeye ndiye aliona shimo lingine, mimi nikiwa nishaanza kujisifu. Akauliza, "Na mtu akiandika meseji yake feki?" Kweli, maneno yaliyofowadiwa ni maneno tu. Bahati nzuri, kodi anayopata mtumaji ndiyo hiyo hiyo anayopata mpokeaji. So siku hizi ukifowadi, boti inaandika "inasubiri", na haiingii kwa salio mpaka mweka hazina afowadi meseji yake ya kupokea, yenye kodi hiyo na kiasi hicho.

Kitu kidogo tu: seva yangu ilikuwa inatumia saa za UTC, masaa matatu nyuma ya Nairobi. Vikumbusho nilivyopanga vya saa kumi na mbili jioni vilikuwa vinafika saa tatu usiku, watu wakidhani nawasumbua makusudi. Nikaweka `Africa/Nairobi`, ikaisha. Pia vinaenda inboksi ya mtu, sio kwa grupu.

Yule jamaa alituma 1,000 yake jioni hiyo hiyo. Aliyeandika ya tumbo alifuta meseji, lakini kuomba msamaha ilibidi nimpigie simu mara mbili. Mweka hazina bado anashika laini. Ila sasa kila tarehe 6 ananitumia picha ya salio la laini, nami namtumia jumla ya boti, na kabla zilingane hakuna mtu anaguswa jina.