Nilimtajia Mtaa Wake

Nilimwandikia mwanamke nisiyemjua meseji iliyomtisha, na wakati naiandika niliamini kabisa kwamba ni meseji ya heshima. Naona nieleze hasa nilichoandika, maana ubaya wake haukuwa tusi wala neno chafu. Ulikuwa ndani ya maneno ambayo wanaume wengi wa rika langu tungeyaita mazuri.

Programu tuliyokuwa tukiitumia inafanya kazi kama Tinder: hakuna anayeweza kumwandikia mwenzake mpaka wote wawili wawe wameipitisha picha ya mwenzake upande wa kulia. Mimi ile taarifa kwamba naye amenipitisha niliipokea kama posa iliyokubaliwa. Sikujiuliza alichofanya yeye ni nini. Alikuwa ameona picha, akasoma mistari miwili, akasogeza kidole. Alichokubali ni kusalimiwa tu, na kusalimiwa mtu hukubali hata akiwa kituoni anasubiri daladala.

Nikaandika. Nilianza kwa kumsifia uso na tabasamu. Nikasema mimi ni mtu mzima, sina muda wa kuchezeana, natafuta mke. Nikaeleza kazi yangu, kanisa langu, na kwamba nilishaumizwa huko nyuma. Nikaweka namba ya simu ili tuhamie huko kwa sababu humu ndani siingii mara kwa mara. Kisha, nikiamini kwamba hapa ndipo nitamgusa moyo, nikamwambia: "Picha yako ya tatu nimeitambua. Hilo duka la dawa la nyuma yako nalijua, napita hapo kila siku nikitoka kazini. Kumbe tu majirani!"

Meseji ilikuwa ndefu, hata ilibidi aivute kwa kidole ili afike mwisho. Niliituma usiku, saa sita ikiwa imeshapita. Asubuhi hakukuwa na jibu, nikaongeza maneno mawili: "Mbona kimya?" Mchana nilipofungua tena, mazungumzo yetu hayakuwepo. Alikuwa amevunja muungano wetu mle ndani, na ukivunjwa, kila kitu hufutika: picha yake, jina lake, na hata nilichoandika mimi mwenyewe.

Nilimlaumu. Niliwaambia rafiki zangu kwamba wanawake wa siku hizi hawataki mwanaume mkweli. Nilikaa na maelezo hayo muda mrefu, na ningekaa nayo mpaka leo kama nisingemsimulia binamu yangu, binti wa shangazi, ambaye naye alikuwa kwenye programu kama hiyo. Aliniuliza nilimwambia nini, nikamsomea kwa kichwa. Nilipofika kwenye duka la dawa alinikatiza: "Kaka, ulimwambia unajua anapokaa?"

Nikamjibu kwamba sikusema hivyo, nilisema nalijua duka tu. Akanipa simu yake nisome meseji zake mwenyewe. Zilikuwa nyingi, na wengi wa walioziandika hawakuwa watu wabaya. Mmoja alimwita "mke wangu mtarajiwa." Mwingine aliandika saa nane usiku kuuliza kama amelala. Mwingine alimuuliza maeneo gani anaishi, akafuatisha alama za kuuliza peke yake, moja, kisha tatu. Binamu yangu akaniambia kwamba yeye akisoma meseji ya kwanza haangalii kama huyu mtu anampenda, maana hawezi kumpenda, hawajaonana. Anaangalia mambo mawili: huyu anataka nimfanyie nini sasa hivi, na nikimwambia hapana atafanya nini. Mwanaume anayepita mlangoni kwako kila siku, anayetaka mke, na aliyeudhika kwa usiku mmoja wa kimya, ameshajibu maswali yote mawili.

Hapo nikaelewa kosa langu kwa umbo lake halisi. Sikukosea kwa kuwa mchangamfu kupita kiasi. Nilichukua kitu ambacho hakunipa. Mistari yake miwili alikuwa ameiandika akijua itasomwa. Duka lile lilimponyoka kwenye picha bila yeye kukusudia. Mtu anayeweka mtandaoni neno lake, safari yake, chakula anachokipenda, anakukabidhi pa kuanzia. Bango la nyuma, sare ya kazi, namba ya gari, jina la shule ya mtoto, hivyo havikukabidhiwa kwa mtu, na ukivitaja unamjulisha kwamba unapekua. Hata kama uliviona kwa bahati, yeye hana namna ya kujua kwamba ni bahati. Vivyo hivyo kwa anayemtafuta mtu kwanza kwenye Instagramu kisha akaja kumsifia picha za huko.

Nilitamani kumwomba radhi. Njia iliyobaki ilikuwa moja tu, kusimama karibu na duka lile, na njia hiyo ndiyo aliyokuwa akiiogopa. Radhi sikuipeleka, na nimebadilisha barabara ya kurudia nyumbani.

Kuhusu urefu wa meseji, nilikuwa nikidhani kwamba maneno mengi ni heshima, kwamba yanaonyesha umejitaabisha kwa ajili ya mtu. Mwaka 2018 watafiti Elizabeth Bruch na Mark Newman wa Chuo Kikuu cha Michigan walichapisha katika jarida la Science Advances uchunguzi wa meseji za mtandao wa wachumba katika miji minne ya Marekani: New York, Boston, Chicago na Seattle. Waliona kwamba watu huwaandikia meseji ndefu zaidi wale wanaowaona wako juu yao, lakini urefu huo haukuwaongezea majibu kwa kiasi cha maana, isipokuwa Seattle. Marekani si Dar es Salaam, lakini sababu naiona hata hapa. Barua ndefu inadai barua ndefu. Anayeipokea akiwa foleni benki anasema nitajibu nikitulia, na akitulia ana mambo yake.

Wapo waliokimbilia upande wa pili, wakaona salama ni kuandika "Mambo" na kuishia hapo. Nami nilifanya hivyo baada ya aibu yangu. Yeye atajibu "Poa." Utaandika "Za kwako?" Atajibu "Safi." Salamu zetu ana kwa ana zina kazi kubwa, kwa sababu sauti, uso na mkono vinasema yaliyobaki. Kwenye simu yale yaliyobaki hayapo, na kila zamu unamwachia yeye mzigo wa kutafuta la kuzungumza na mtu asiyemjua. Salamu iwepo, ni adabu yetu, lakini isitumwe peke yake.

Baadaye nilikutana mle ndani na mwanamke mwingine aliyekuwa ameandika: "Nimepanda TAZARA hadi Mbeya, na nitapanda tena." Picha zake zilikuwa na mengine, lakini nilijiwekea mpaka kwamba nitashika sentensi hiyo tu. Nikaandika rasimu kwenye daftari la simu, si kwenye kisanduku cha meseji, kwa sababu vidole vyangu nilishavijua.

Rasimu ya kwanza nilimweleza habari za reli: kwamba inatoka Dar hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, kilomita 1,860, na kwamba kati ya Mlimba na Makambako ina madaraja na mahandaki mengi. Yote ni kweli, lakini yeye ndiye aliyeipanda, mimi sijaipanda. Nilikuwa nikimfundisha safari yake mwenyewe. Nikafuta.

Rasimu ya pili ilikuwa swali: "Kwa nini unapenda kusafiri?" Nikajaribu kulijibu mimi, nikakwama. Swali pana namna hiyo linamtaka mtu atunge insha, tena aonekane mwerevu. Nikafuta.

Ya tatu ilisema ningependa siku moja tusafiri wote. Nilipoisoma kwa macho ya binamu yangu niliona kitanda cha behewa la usiku na mwanaume asiyejulikana. Nikafuta upesi.

Niliyoituma, baada ya kutaja jina lake, ilikuwa hii: "Habari za jioni. Nimesoma kwamba ulipanda TAZARA hadi Mbeya. Mimi sijawahi kuipanda. Ulipata usingizi, au ulikesha dirishani?"

Niliituma saa mbili usiku, wakati ambao mtu anaweza kusoma meseji bila kujiuliza anayeandika yuko katika hali gani. Jina lake nililiandika kama alivyoliandika yeye, bila mrembo wala mpenzi. Nilifikiria kumwita dada, nikaona kwamba neno hilo zuri la barabarani lingetuchanganya mahali ambapo wote tunajua tumefuata nini. Nilitaka kumalizia kwa "jibu ukipata nafasi," nikaacha, kwa kuwa nalo humkumbusha mtu kwamba anadaiwa jibu. Swali lenyewe lilikuwa na majibu mawili mepesi ndani yake, na mlango wa tatu kwa anayetaka kusimulia. Wala sikumwambia chochote kuhusu uso wake. Alijua nimeupenda, ndiyo maana tulikuwa tunaandikiana.

Usiku ule hakujibu. Mkono uliniwasha, nasema ukweli wote. Lakini mimi sijui simu yake ina chaji, anauguza nani, au ana wangapi wengine wa kuwajibu. Kwenye Bumble saa 24 zikipita bila ujumbe wa kwanza au bila jibu, muungano unakwisha wenyewe, kwa hiyo hata kimya kinaweza kuwa ni saa tu imefika. Kwenye programu isiyo na saa, niliamua kwamba ujumbe wangu wa kwanza ni mmoja, na usipojibiwa haufuatiwi na kitu. Kama jibu lake ni hapana, hiyo ndiyo namna ya upole zaidi aliyokuwa nayo ya kunipa.

Jibu lilikuja siku nyingine mchana: "Nilikesha mpaka Makambako, nikalala, nikaamshwa Mbeya. Watoto wanauza ndizi madirishani mpaka unaona huruma kulala." Hapa pia nilikuwa na mazoea mabaya, ya kurukia swali langu lililofuata kwenye orodha kichwani. Nikarudi kwenye alichosema. Nikamuuliza alinunua ndizi au alivumilia. Akacheka kwa maandishi, akataja mpaka bei, kisha naye akaniuliza kwa nini mtu wa Dar hajawahi kupanda treni ile.

Tuliendelea hivyo, siku nyingine meseji mbili, siku nyingine hakuna. Namba ya simu sikuiomba. Aliponiuliza naishi wapi nilimtajia wilaya yangu, na swali hilo sikumrudishia. Yake alinitajia mwenyewe baadaye, siku tuliyokuwa tunachagua mgahawa wa kukutana mchana, na aliitaja ili kusema kwamba angependa tukutane upande mwingine wa mji.