Mizani na Mirija

Kuna njia mbili za kupata jina la bakteria aliyeota kwenye pleti. Ya kwanza ni kumlisha vitu mbalimbali, kisha kungoja uone anakula nini na anaacha nini. Ya pili ni kuzirusha protini zake kwa leza na kupima uzito wa kila moja. Kwa miezi minane ya utafiti wangu wa shahada ya uzamili nimekuwa nikizifanya zote mbili kwa bakteria wale wale. Asubuhi niko hospitali ya rufaa, kwenye benchi lenye mirija ya rangi. Mchana nabeba pleti zangu hadi maabara ya utafiti, ng'ambo ya barabara, ilipo mashine inayoitwa MALDI-TOF.

Nilianza nikiwa nimeshaamua nani atashinda. Hebu fikiria kazi yenyewe ilivyo rahisi. Unachota koloni moja kwa kijiti cha kuchokolea meno, unaipaka kwenye kidoa kimoja cha sahani ya chuma, unadondoshea mikrolita moja ya asidi ya fomiki ili kuta za seli zilegee, unaacha ikauke. Unaongeza mikrolita moja ya kemikali inayofyonza mwanga wa leza, inakauka na kuwa fuwele. Sahani inaingia mashineni, hewa inavutwa mpaka inabaki ombwe, halafu leza inapiga. Zile fuwele zinafuka na kuondoka na protini za bakteria, nazo zinapata chaji ya umeme. Umeme unazisukuma ndani ya bomba, zile nyepesi zinafika mwisho kwanza na zile nzito zinafuata. Muda wa safari unageuzwa kuwa uzito, na kwenye skrini unaona msitu wa vilele kati ya daltoni 2,000 na 20,000. Kompyuta inaulinganisha msitu huo na ile iliyohifadhiwa kwenye maktaba yake, inatoa jina na alama. Alama ikiwa 2.0 au zaidi, jina la spishi linakubalika. Kati ya 1.7 na 2.0 unaishia kwenye jenasi tu. Chini ya hapo unarudia. Yote hayo huchukua dakika chache kwa kila bakteria.

Mirija inataka usiku mzima, na wakati mwingine hata hapo haisemi kitu. Asinetobakta anayetoka kwenye damu ya mtoto mchanga ni mfano mzuri. Unamchoma kwenye mrija wa TSI, kesho yake unakuta mrija ni mwekundu juu mpaka chini kama ulivyouacha, kwa sababu hachachushi sukari yoyote iliyomo. Umejua tu asiyoyafanya. Unaanza vipimo vingine, siku nyingine inapita. Mashine humtaja mara moja, kwa alama ya kutosha. Nilipoyaona hayo wiki ya kwanza, nilimwambia mama mmoja, mteknolojia mkongwe wa benchi letu, kwamba mirija yake itabaki kuwa historia.

"Mwanangu," alisema bila kuinua macho kwenye pleti zake, "subiri msimu wa kuhara."

Msimu ulipofika tulipokea sampuli ya choo ya mtoto wa miaka mitatu. Choo kilikuwa na damu na kamasi. Jumatatu tuliotesha kwenye pleti mbili. Jumanne asubuhi, kwenye pleti ya Makonki, katikati ya koloni za waridi za bakteria wa kawaida wa utumbo, kulikuwa na nyingine zisizo na rangi, yaani wasiokula laktosi. Kwenye pleti ya XLD zilikuwa nyekundu kama pleti yenyewe, bila kitovu cheusi. Mama alizitazama, akaniachia nafasi kwenye benchi, nikachoma mirija. Mchana nikavuka barabara na koloni ile ile.

Skrini ikaandika Escherichia coli, alama 2.31.

Kwa kiwango cha mashine, hilo ni jibu zuri sana. Na kama lingeandikwa hivyo kwenye karatasi ya majibu, daktari angesoma kwamba mtoto ana E. koli chooni. Kila mtu ana E. koli chooni. Angeiweka karatasi pembeni na kutafuta sababu nyingine ya ile damu.

Jumatano tulisoma mirija. TSI ina glukosi kidogo sana, asilimia 0.1, na laktosi na sukrosi mara kumi zaidi, pamoja na rangi inayokuwa njano kwenye asidi. Wetu alikuwa amekula glukosi peke yake. Ilipokwisha, wale wa juu, wenye hewa, waligeukia protini za agari na kutoa amonia, kwa hiyo sehemu ya mteremko ikarudi kuwa nyekundu. Kitako kilibaki njano. Hapakuwa na gesi ya kupasua agari, wala weusi. Muda wa kusoma ni kati ya saa 18 na 24: ukiwahi, glukosi bado haijaisha na mrija wote ni njano, unadhani anakula laktosi. Kwenye mrija wa mwendo alikuwa ameota kwenye mstari wa sindano tu, hakutawanyika hata kidogo. Halafu mama akaninyooshea mrija wa laisini.

Mrija huo huanza zambarau. Bakteria akila glukosi iliyomo, asidi inaugeuza njano. Kama ana kimeng'enya cha kuikata laisini, anatoa kitu kinachoizima asidi, na mrija unarudi zambarau. E. koli wengi huurudisha. Wetu ulikuwa njano mpaka asubuhi, chini ya tabaka lake la mafuta. Mama alichukua koloni kutoka kwenye agari, akaikoroga kwenye tone la maji ya chumvi juu ya kioo, halafu kwenye tone la antisera ya shigela fleksineri. Tone la kwanza lilibaki ukungu laini. La pili likakatika kama maziwa yaliyochacha.

"Andika shigela," alisema.

Nilirudi kwenye vitabu kutafuta mashine ilikosea wapi, nikakuta swali langu ndilo lililokuwa limekaa vibaya. Vilele vingi inavyovisoma ni vya protini za ribosomu, kile kiwanda ambacho seli hutengenezea protini zake zote. Mashine inazipenda kwa kuwa ni nyingi, na kwa kuwa hazibadiliki ovyo: bakteria aliyekula vizuri na aliyelala njaa wana ribosomu zile zile. Lakini shigela, kwa ukoo, ni E. koli. Kiyoshi Shiga alimpata Japani mwaka 1897 wakati wa mlipuko wa kuhara damu, miaka zaidi ya tisini kabla ya vinasaba kusomwa kwa wingi, na jina lake la pekee limebaki kwa sababu ya ugonjwa anaouleta. Ukipima ribosomu unapima ukoo, na ukoo ni mmoja. Kuna kejeli ndogo hapa: kabla ya kila kazi, mashine yetu hurekebishwa mizani yake kwa protini za E. koli.

Kinachowatofautisha kiko kwingine. Shigela alipata jeni za kuvamia seli za utumbo, kisha akapoteza vitu ambavyo maisha hayo mapya hayakuvihitaji. Alipoteza mikia ya kuogelea, ndiyo maana hakutawanyika kwenye mrija. Wengi wao walipoteza uwezo wa haraka wa kula laktosi. Na alipoteza kile kimeng'enya cha laisini. Hili la mwisho ndilo lililonikalisha chini. Laisini ikikatwa inatoa kadaverini, na kadaverini inavuruga kazi ya sumu za shigela na uvamizi wake. Kwa mvamizi, kimeng'enya hicho kilikuwa mzigo, kikaachwa. Kwa hiyo mrija unaobaki njano unaonyesha kovu la mabadiliko yale yale yaliyomfanya awe hatari. Waliobuni kipimo hicho hawakuwa wakiyajua hayo; walijua tu kwamba kinafanya kazi.

Mirija nayo ina mwisho wake. Wapo E. koli wavamizi walioishi maisha kama ya shigela na kupoteza mambo yale yale, nao huweza kuidanganya mirija yote. Hapo antisera husaidia, na wakati mwingine ni kipimo cha jeni tu kinachosema. Shigela soneyi hula laktosi akichelewa, ukimwacha siku mbili pleti inabadilika rangi.

Mdogo wangu alihara damu akiwa na miaka minne. Kwenye zahanati aliyopelekwa walisema amiba, kama ilivyozoeleka kusemwa kila damu inapoonekana chooni, wakampa metronidazoli. Dawa hiyo humuua amiba, kwa shigela haifanyi kitu. Alipona baada ya siku nyingi, amekonda mpaka mashati yake yakamkataa. Sijui alikuwa na nini na sitajua, maana hakuna aliyeotesha choo chake. Ila nilipokuwa nimeshika ile karatasi yenye 2.31 nilimwona yeye. Kuna namna mbili za kumkosa shigela: kutotazama kabisa, na kutazama kwa chombo kisichoweza kumwona, kisha kuandika jibu kwa kujiamini.

Jibu la mtoto wetu lilitoka Jumatano hiyo mchana, likiwa na orodha ya dawa, kwa kuwa vidonge vya kupima usugu tuliviweka tangu Jumanne sambamba na mirija. Hapa ndipo watu hukosea hesabu ya kasi. Mashine huokoa siku moja ya kutafuta jina, lakini koloni lazima iote kwanza usiku mmoja, na usugu wa dawa unahitaji usiku mwingine. Kwa damu ya mtoto mchanga, hata hiyo siku moja ina thamani, kwa sababu jina peke yake humfanya daktari abadilishe dawa. Kwa choo chenye damu, siku hiyo hiyo inaokolewa kwa jina lisilomsaidia mgonjwa.

Nilipopeleka rasimu ya jedwali langu, msimamizi aliniuliza swali moja: wale shigela ambao mashine iliwaita Escherichia coli, nimewahesabu kama majibu sahihi au makosa? Kwa mwanajenetiki ni sahihi. Kwa wodi ni kosa. Nikiwaweka upande mmoja, asilimia ya mashine inapanda. Nikiwaweka upande wa pili, inashuka, na yeyote atakayesoma tasnifu yangu akitaka kununua mashine au kufuta mirija ataokota namba anayoipenda.

Nimeongeza safu ya tatu. Kichwa chake kinasema: sahihi kwa ukoo, haitoshi kwa mgonjwa. Chini yake nimeandika kanuni tunayoifuata sasa benchini. Koloni isiyo na rangi, iliyotoka kwenye choo chenye damu, ikiitwa Escherichia coli na mashine, jibu halitoki mpaka mirija isomwe.