Kiti cha Mama na mguu wake uliopasuka



Kila nyumba kisiwani ina viti vya plastiki. Vinakaa uani, vinatolewa barazani jioni, na ikifika shughuli vinaazimwa na nyumba ya tatu hadi ya nane. Biharusi anakalia kimojawapo saa nzima akipakwa hina, na bibi zetu wasioweza kusujudu wanavisalia. Kwa hiyo mguu ukipasuka si jambo la kucheka, maana aliyekaa juu yake mara nyingi ni mtu ambaye hawezi kuanguka akainuka mwenyewe.

Kwetu kimepasuka kiti cha mama mkwe wangu. Ni kile cheupe chenye mikono, na yeye hataki kingine kwa sababu magoti yake yanamuuma na hujishika mikono ya kiti akiinuka. Ufa ulikuwa mguu wa mbele wa kushoto, sentimita 12 chini ya kikalio. Ulianzia ukingo wa ndani ukakatiza upande wa mbele wa mguu, ukasimama kama sentimita moja kabla ya kufika kwenye pembe.

Mguu wa mbele ndio unaoumia mtu akiinuka. Ukikaa ukaegemea, uzito unaelekea miguu ya nyuma. Lakini mzee anapoinuka kutoka kwenye swala huinama mbele, anakandamiza mikono ya kiti, na kwa muda mfupi uzito anaokitwika kiti huelekea miguu miwili ya mbele. Mguu nao hausukumwi chini tu, unatanuliwa kwenda nje pia. Ndiyo maana ufa unafunguka pale anapoinuka, wala hauonekani akiwa ametulia.

Kabla ya kutafuta bolti, angalia plastiki yenyewe. Viti hivi hutengenezwa kwa plastiki iitwayo polipropilini, na jua huila polepole. Chukua kitambaa cheusi, hata ukingo wa buibui kuukuu, usugue kiti. Ukipata unga mweupe kama chokaa, jua limeshaingia. Halafu shika ukingo wa mguu kwa koleo, chini karibu na sakafu, uukunje kidogo. Plastiki nzima hujipinda ikarudi, labda ikiacha alama nyeupe. Iliyokufa hukatika kama biskuti. Hiyo usiigange, kwa sababu utatia bolti hapa na kesho itapasuka pale. Mpandie mpilipili kwenye kikalio chake. Vilevile ufa ukiwa pale mguu unapoungana na kikalio, acha, kwa kuwa gango halitapata pa kushika upande wa juu. Cha Mama kilikaa ndani miaka yote, kilitoka nje siku za wageni tu. Kilijipinda vizuri.

Watu watakwambia utie gundi. Gundi za dukani, hata zile za kuchanganya chupa mbili, hazishiki polipropilini. Hukauka juu yake kama ngozi ya maziwa na ukivuta zinabanduka. Wengine hutoboa matundu wakashona kwa waya kama tunavyoshona mabeseni. Kwa beseni ni sawa. Kwa mguu wa kiti, waya unafunga ufa usionekane, lakini mguu unabaki unajikunja pale pale kama bawaba ya mlango. Mguu unataka kitu kigumu kinachoshika juu ya ufa na chini yake, kama mganga anavyofunga mabanzi kwenye mfupa.

Gango nililotumia ni kipande cha alumini ya pembe, ile yenye mabawa mawili, kilichobaki kwa fundi wa madirisha. Kila bawa ni sentimita 3 na unene ni milimita 3. Ukitazama mguu wa kiti kwa ndani utaona haujajaa. Nao ni pembe iliyo wazi nyuma. Kwa hiyo alumini inalala ndani yake, bawa moja nyuma ya upande wa mbele na jingine upande wa ubavuni, na kwa nje huoni ila vichwa vya bolti. Ubao bapa wa alumini ungekuwa rahisi kuupata, lakini bapa unajikunja na pembe haijikunji, na huko kutojikunja ndiko tunakokutaka.

Nililikata gango sentimita 22, yaani 11 juu ya ufa na 11 chini. Juu halikugusa kikalio. Chini liliishia mbali kabisa na sakafu, na hili ni muhimu: uzito ushuke kwa plastiki ya mguu wenyewe. Gango likigusa sakafu kiti kitayumba, na chuma kitachana msala. Pembe zake nilizisugua kwa tupa zikawa duara, kwa sababu ncha kali ikikandamiza plastiki kila siku huanzisha ufa wa pili.

Sasa ufa wenyewe. Ufa una tabia ya kutembea, na mwisho wake ni mwembamba kiasi kwamba macho hayauoni. Nilipaka wanja juu yake nikafuta kwa kitambaa. Wanja ukabaki ndani ya ufa peke yake, ukachora mstari hadi mwisho. Pale pale mwisho, kupita kidogo, nikatoboa tundu la milimita 4. Tundu la duara huusimamisha ufa, kwa sababu nguvu iliyokuwa imekusanyika kwenye ncha moja kali sasa inagawanyika kuzunguka duara. Ukiruka hatua hii, gango litashika vizuri lakini ufa utaendelea kutembea chini yake usiuone.

Kisha nilikipindua kiti, nikaubana mguu kwa mpira wa baiskeli hadi ufa ukafunga kabisa. Ukifunga bolti huku ufa uko wazi, mguu utabaki umepinda milele.

Matundu ya bolti nilitoboa kwanza kwenye alumini, nikaitumia kama kipimo. Bawa la mbele lina matundu manne: sentimita 3 na sentimita 8 kutoka kwenye ufa, juu na chini. Bawa la ubavuni lina mawili, sentimita 5 na nusu juu na vivyo hivyo chini, ili nati zisigongane. Bolti moja tu kila upande haitoshi, kwa sababu mguu utazunguka kwenye hiyo bolti kama mkono wa saa. Keekee iende polepole, maana ikikimbia plastiki inayeyuka na tundu linakuwa na midomo. Anza na ncha ya milimita 3, kisha ya milimita 6 na nusu, na weka kipande cha mbao nyuma. Toboa moja, pitisha bolti yake, ndiyo utoboe la pili. Hivyo gango halisogei.

Bolti ni za milimita 6, urefu milimita 20, kichwa cha mviringo kiwe nje ili kanga na buibui zisinase. Chini ya kichwa weka washa pana, ile inayofika karibu milimita 18, kwa sababu kichwa peke yake hutafuna plastiki kikazama. Ndani, nati inakaa juu ya alumini na washa ndogo. Nati ziwe zile zenye duara la plastiki ndani, zisizolegea kwa kutikiswa. Kwa hewa yetu ya chumvi, nunua bolti za chuma cha pua ukizipata. Za kawaida huvuja kutu, na kutu juu ya kiti cheupe na kanzu ya swala ni kero nyingine.

Kukaza ndiko watu wanakoharibu. Kaza hadi washa iguse plastiki pande zote na isizunguke ukiisukuma kwa kidole, halafu ongeza robo ya mzunguko. Basi. Ukiona plastiki inabonyea au inakuwa nyeupe kuzunguka washa, legeza. Mume wangu alitaka kuzikaza kama za gari lake, nikamnyang'anya spana.

Mtu hakai bado. Niliweka mifuko minne ya mchele ya kilo 25 juu ya kikalio, miwili ikiegemea ukingo wa mbele, tangu baada ya Laasiri hadi Magharibi. Kilo 100 ni zaidi ya uzito wa Mama, na ziada hiyo ni ya lazima kwa sababu mtu anayejitupa kitini ana uzito kuliko mtu aliyetulia. Baada ya hapo nilitazama mambo mawili: je, ufa umefunguka hata unywele? Je, kuna mistari myeupe inayotoka kwenye matundu? Hakukuwa na chochote. Ndipo nikakaa mimi, nikainuka kwa kukandamiza mikono kama anavyofanya yeye, mara ishirini, juu ya sakafu ya saruji na siyo ya vigae, kwa kuwa juu ya vigae miguu ya viti hivi hutanuka na kuteleza, na hapo hujui tatizo ni mguu au sakafu.

Mama alikuwa anakidai tangu siku ya kwanza. Akasema, "Mwanangu, kiti changu umekifunga P.O.P., nipe nikisalie." Nikamwambia, subiri wiki, Mama. Kiti kilikaa jikoni wiki nzima tukikikalia sisi kupepeta mchele na kukuna nazi. Plastiki iliyobanwa hujilegeza yenyewe siku za mwanzo, na ilipofika Ijumaa bolti mbili kati ya sita zilikuwa zinazunguka kwa vidole. Nikazirudisha kwa spana, robo mzunguko. Tangu hapo nazipitia mara moja kwa mwezi, na hazijalegea tena.

Sasa anakisalia chumbani, msala chini yake na nyuma ya kiti karibu na ukuta ili kisirudi nyuma. Kitu kimoja kimebadilika: hakipangiki tena juu ya vingine, vichwa vya bolti vinazuia. Mimi naona ni heri, maana kiti kisichopangika hakiingii kwenye rundo la viti vinavyoazimwa harusini, kikaenda kumbeba mtu asiyejua habari zake. Hata hivyo chini ya kikalio nimeandika kwa rangi ya kucha: KIMEGANGWA, MGUU WA KUSHOTO MBELE. Kitu cha kuazima kina haki yake ya kuelezwa aibu yake, na ikitokea siku mtoto akakitoa barazani bila kuniuliza, atakayekigeuza atasoma.