Duka linauza, hela haipo: panga bajeti ya fedha taslimu kabla ya kukopa



Msimu ukikaribia, wenye maduka ya pembejeo huniuliza swali lile lile: "Bwana shamba, nauza vizuri, mbona sina hela ya kumlipa msambazaji?" Jibu liko kwenye tarehe. Faida unaihesabu siku unapouza, lakini hela inaingia siku mteja anapolipa. Bajeti ya fedha taslimu inakuonesha pengo hilo mapema, mwezi kwa mwezi.

Chukua mfano wa mama mmoja anayeuza mbegu na dawa za mimea. Mwezi wa kumi alitaka kukopa shilingi 3,000,000 na kuweka shamba lake rehani. Nilimwomba tufungue daftari kwanza. Namba nimezirahisisha ili uzifuate vizuri.

Hatua ya 1: Fedha zitakazoingia

Alitarajia kuuza 4,000,000 Novemba, 6,000,000 Desemba na 3,000,000 Januari. Oktoba aliuza 2,000,000, na madeni ya nyuma ya hapo yalikwisha. Daftari lake la madeni lilionesha kwamba nusu ya mauzo hulipwa papo hapo, asilimia 30 hulipwa mwezi unaofuata, na asilimia 20 mwezi wa pili yake.

Kwa hiyo Novemba anapata 2,000,000 za papo hapo na 600,000 za wadaiwa wa Oktoba, jumla 2,600,000. Fanya vivyo hivyo kwa miezi mingine: Desemba zinaingia 4,600,000 na Januari 4,100,000.

Hatua ya 2: Fedha zitakazotoka

Bidhaa humgharimu asilimia 80 ya bei ya kuuzia, naye huzichukua mwezi mmoja kabla ya kuuza. Msambazaji anataka nusu siku ya kuchukua mzigo na nusu baada ya siku 30. Novemba, basi, anamalizia 1,600,000 za mzigo wa Oktoba, na analipa 2,400,000 za mzigo atakaouza Desemba. Ongeza 400,000 za pango, usafiri na matumizi ya nyumbani. Jumla ni 4,400,000. Desemba zinatoka 4,000,000 na Januari 2,400,000.

Matumizi ya nyumbani usiyaache nje. Yanatoka kwenye droo ile ile.

Hatua ya 3: Kiasi cha kukopa

Alikuwa na 700,000 mkononi, na hapendi droo ishuke chini ya 200,000.

- Novemba: 700,000 + 2,600,000 − 4,400,000 = pungufu 1,100,000. Ili abaki na 200,000, anahitaji kukopa 1,300,000.
- Desemba: anabakiwa na ziada ya 600,000. Anaanza kurejesha.
- Januari: ziada ni 1,700,000. Anamaliza deni lote na riba yake.

Umeona? Novemba hiyo hiyo ana faida ya 400,000 baada ya matumizi, lakini droo imekauka. Na mkopo anaouhitaji haufiki hata nusu ya ule aliotaka, tena ni wa miezi miwili tu. Kiasi hicho kikundi chake cha kuweka na kukopa kingeweza kumpa bila kugusa shamba.

Hatua ya 4: Sogeza tarehe kabla ya kukopa

Tukaangalia ule mzigo wa Desemba wa 4,800,000. Vipi akiuchukua mara mbili, nusu Novemba na nusu mwanzoni mwa Desemba? Malipo ya Novemba yanashuka kwa 1,200,000, na pengo la kukopa linabaki 100,000 tu. Gharama yake ni safari moja zaidi ya gari, na hatari ya kukuta mbegu inayotakiwa imekwisha kwa msambazaji. Linganisha gharama hiyo na riba, kisha uamue.

Inapoharibika

Hesabu hii huvunjwa na mteja anayesema "mwezi ujao" huku moyoni akimaanisha "nikivuna". Kwa mama huyu, ikiwa nusu ya zile 1,200,000 za wadaiwa wa Novemba hazikuja Desemba, ile ziada ya 600,000 yote inapotea na hana cha kurejesha. Kwa hiyo usitumie ahadi za wateja. Tumia tarehe walizolipa kweli msimu uliopita. Deni la mlipaji wa mavuno liandike kwenye mwezi wa mavuno.

Kila mwisho wa mwezi weka kilichoingia kweli kando ya ulichopanga. Wadaiwa wakipungukiwa mwezi wa kwanza, punguza kukopesha na punguza oda inayofuata siku hiyo hiyo, wakati mzigo bado uko kwa msambazaji.